Barua ya "umesahau kikapu chako" inawasuta wateja. Tuirekebisheje?

#1 Nyali_Vyombo
Habari wakuu. Duka letu la mtandaoni linauza vyombo vya jikoni, tuko Mombasa na tunatuma Kenya nzima. Tunatumia WooCommerce, malipo ni M-Pesa peke yake, ile ya kidirisha cha PIN kuruka kwenye simu ya mteja. Mteja akifika ukurasa wa malipo akaishia hapo, baada ya saa 24 mfumo unamtumia barua pepe hii:

> UMESAHAU KITU! 😢
> Mpendwa Mteja wa Thamani,
> Tumegundua kwamba umeacha bidhaa kwenye kikapu chako bila kukamilisha ununuzi wako. Bidhaa zako zina huzuni na zinakusubiri. Tumejitahidi kukuhifadhia, tafadhali usituangushe. Stoki inaisha haraka!
> [NDIYO, NAKAMILISHA SASA]
> Hapana, sihitaji kuokoa pesa

Wateja wanalalamika WhatsApp. Mmoja kaandika: "Lawama nimeletewa, sufuria sijaletewa." Nataka isomeke kama imeandikwa na mtu, na imfae anayeipokea. Nianze kubadilisha wapi?

#2 dogo_Ubungo
Sufuria zina huzuni 😂😂😂 Zimefiwa na nani? Tuambiwe tuchange rambirambi.

#3 Mhariri_Ngamiani
Ukiacha utani wa dogo, kuna vitu vitatu humo vinavyoudhi, na kila kimoja kinaudhi kivyake.

"Umesahau" ni shutuma. Hujui kama kasahau. Huenda kaahirisha, huenda kaona bei ya usafiri akaguna, huenda mtandao ulimkatikia. "Tumegundua kwamba umeacha" inamfanya ajione anachunguzwa. Na hicho kiungo cha chini, "sihitaji kuokoa pesa", kinamlazimisha mtu ajitukane ili akatae. Kifute leo, hakina marekebisho.

Kisha barua nzima haina hata jina la bidhaa! Inasema "bidhaa" mara mbili, lakini ni bidhaa gani, bei gani, inaenda wapi, hakuna. Ndiyo maana inasomeka kama mashine. Mtu angeandika "seti ya sufuria vipande 5". Weka jina la kitu, picha yake moja, jumla pamoja na usafiri. Hapo utaona hata "mteja wa thamani" haina kazi tena.

#4 BeiPoa
Maneno ni mapambo tu. Weka kuponi ya 10% kwenye barua ya kwanza uone kama kuna atakayelalamika. Mteja anataka bei.

#5 MzeeWaSeva
Kabla ya maneno na kabla ya kuponi: fungua orodha ya oda, chagua mteja mmoja aliyelalamika, usome oda yake ilipitia hali zipi. Upande wa kulia wa oda kuna maelezo yaliyoandikwa na mfumo, yana saa na dakika. Nakili hapa, ficha jina na namba. Nahisi barua yako inasema uongo bila wewe kujua.

#6 Nyali_Vyombo
Sawa mzee. Huyu ndiye wa sufuria. Seti KSh 3,400, usafiri hadi Kisumu 450, jumla 3,850.

Saa 2:10 usiku oda imeingia, hali `Pending payment`.
Saa 2:11 plagini ya M-Pesa imeandika `ResultCode 1037`.
Saa 3:12 usiku: `Unpaid order cancelled - time limit reached.`
Kesho yake saa 2:10 usiku barua imetoka.

Kitufe cha barua kinampeleka kwenye ukurasa wa kulipia oda hiyohiyo.

#7 MzeeWaSeva
Ndivyo nilivyodhani. Twende nayo polepole.

Huyu mama hakusahau. Alibofya kulipa. 1037 maana yake ombi la malipo halikufika kwenye simu yake au simu haikujibu: imezimwa, haina mtandao, au laini ni ya zamani. Yeye kwa upande wake alikaa akitazama simu, kidirisha hakikuja. Kesho yake unamwambia kasahau. Angekosaje kukasirika?

La pili, "tumejitahidi kukuhifadhia". Nenda WooCommerce > Settings > Products > Inventory, tazama `Hold stock (minutes)`. Kama hukuigusa iko 60. Oda iliyobaki `Pending payment` ikipita dakika hizo mfumo unaifuta na mzigo unarudi sokoni. Ndiyo ile saa 3:12. Barua ilipotoka, sufuria zilikuwa zimeshaachiwa saa 23 nyuma.

La tatu ndilo baya zaidi. WooCommerce hupokea malipo ya oda iliyo `pending` au `failed` tu. Iliyofutwa hailipiki. Kwa hiyo mama akibofya NDIYO, NAKAMILISHA SASA anakutana na hii:

```
This order's status is "Cancelled"—it cannot be paid for.
Please contact us if you need assistance.
```

Umemshutumu, umemdanganya, halafu umemfungia mlango. Maneno matamu hayatibu hapo.

#8 dogo_Ubungo
Mzee kaua.

#9 Nyali_Vyombo
Nimejaribu kitufe sasa hivi kwenye oda ile. Ni hivyohivyo ulivyoandika, neno kwa neno. Sasa nipandishe hizo dakika 60 ziwe 2880?

#10 BeiPoa
Ndiyo, pandisha. Siku mbili zinatosha, tatizo limeisha.

#11 MzeeWaSeva
Hapana. Ukipandisha hadi siku mbili, kila anayejaribu na kuondoka anafungia mzigo siku mbili. Una seti ngapi za sufuria? Zikiwa sita, watu sita wenye simu mbovu wanatosha duka lionyeshe "zimeisha" wakati ziko rafuni.

Dawa ni plagini ya M-Pesa. Jibu la kushindwa likirudi, oda isibaki `pending`, igeuzwe `failed`. Oda iliyo `failed` haifutwi na ile saa ya dakika 60, na inaendelea kulipika kwa kiungo chake. Haishikilii mzigo, mteja akirudi kulipa, mfumo unakagua kwanza kama bado upo. Mtengenezaji wa plagini akiwa hataki, fundi wako aongeze mstari huu pale jibu linapopokelewa:

```php
if ( (int) $result_code !== 0 ) {
    $order->update_status( 'failed' );
}
```

Angalizo: matoleo ya karibuni ya WooCommerce yana barua yake ya `Failed order` kwa mteja. Pita Settings > Emails uone kama imewashwa, usije ukamtumia mtu barua mbili kwa jambo moja. Au tumia hiyo hiyo, uibadilishe maneno.

#12 Mhariri_Ngamiani
Kwa hiyo zinahitajika barua mbili tofauti, siyo moja: ya aliyejaribu kulipa ikashindikana, na ya aliyeishia njiani bila kujaribu. Ya kwanza ni taarifa ya hitilafu, itoke mapema. Ya pili ni ukumbusho, inaweza kungoja.

#13 MzeeWaSeva
Hasa. Ya kwanza dakika 10 hadi 15 baada ya kushindwa, maana mtu bado yuko karibu na simu. Usiitoe dakika ya kwanza, wengi hujaribu tena wenyewe mara moja. Na kabla haijatoka mfumo ukague kama hana oda nyingine iliyolipwa kwa namba ile ile au imeili ile ile.

#14 MjumbeNyumbaKumi
Samahani kuingilia. Kumtumia mtu matangazo bila ridhaa ni kosa. Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania kuna ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mnajadili maneno wakati jambo zima haliruhusiwi.

#15 Mhariri_Ngamiani
Mjumbe, swali halikuwa matangazo. Kumwambia mtu malipo aliyoyaanzisha mwenyewe hayakupita ni taarifa ya huduma. Lakini una hoja kwa ile barua ya pili. Anayeandika imeili kwenye fomu kisha akaondoka bila kubofya chochote hajakubali kuandikiwa. Weka kisanduku cha ridhaa pale pale kwenye fomu, kisiwe kimetiwa alama mapema, na kiungo cha kujiondoa kwenye kila barua ya ukumbusho.

#16 MjumbeNyumbaKumi
Nami nasema hata hiyo ya kwanza ukipachika "tazama na bidhaa hizi" chini yake inageuka tangazo.

#17 Mhariri_Ngamiani
Hapo tuko pamoja. Isipachikwe.

#18 ShangaziKariakoo
Wanangu, mie nauza vitenge WhatsApp, Dar na mikoani, hizo oda za kufutwa na mfumo sizijui. Mteja akinyamaza namuuliza tu, "Mpenzi, kile cha maua ya zambarau nikuwekee au nimpe mwingine?" Anajibu ndiyo au hapana, basi. Kwa nini msifanye hivyo?

#19 Nyali_Vyombo
Shangazi, oda zikiwa nyingi huwezi kumuuliza kila mmoja.

#20 Mhariri_Ngamiani
Usimpite shangazi haraka. Sentensi yake ina kitu chenyewe (cha maua ya zambarau), ina swali linalojibika, na kukataa humo hakumuaibishi mtu. Barua yako ina mambo hayo? Nakala yake kwenye barua ni mstari mmoja: "Ukikwama, jibu barua hii." Ila ijibike kweli. Inatoka anwani gani?

#21 Nyali_Vyombo
noreply@ ya duka 🙈

#22 dogo_Ubungo
"Tafadhali usituangushe" kutoka kwa mtu asiyetaka kujibiwa 😂

#23 MzeeWaSeva
Badilisha iwe anwani inayosomwa na mtu, na ukaguzi wa SPF, DKIM na DMARC, unaothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, uwe umepita. Tangu Februari 2024 Gmail wamekaza masharti haya, hata kama makali yake zaidi ni kwa wanaotuma kuanzia barua 5,000 kwa siku. Wakikubofya "spamu" wengi, hata risiti zako zitaanza kupotelea huko.

#24 Nyali_Vyombo
Nimeandika ya kwanza, ya malipo yaliyoshindikana:

> Malipo ya seti ya sufuria hayakupita
> Habari Halima,
> Umejaribu kulipa KSh 3,850 kwa M-Pesa leo saa 2:11 usiku lakini hukuwa na salio la kutosha au ulikataa ombi. Hakuna pesa iliyokatwa. Jaribu tena hapa.

#25 MzeeWaSeva
"Hakuna pesa iliyokatwa" ni mstari wa dhahabu, ndilo swali la kwanza la mteja. Lakini hakikisha ni kweli: iandikwe tu pale jibu la kushindwa limepokelewa. Kama jibu halijarudi kabisa, hujui, na kuna siku utamwambia hivyo mtu ambaye SMS ya M-Pesa anayo mkononi. Kwa hali hiyo uliza kwanza hali ya muamala, ndipo uandike.

Hiyo ya salio iondoe.

#26 BeiPoa
Kwa nini? Msimbo 1 ni salio halitoshi, 1032 mteja kakataa, 1037 hakupatikana. Sababu inajulikana, mwambie ukweli.

#27 MzeeWaSeva
1 uko sahihi. 1032 nusu. Hiyo hutokea mteja akighairi, na hutokea pia kidirisha kikimngoja mpaka muda ukaisha bila yeye kuingiza PIN. Labda mtoto ndiye aliyekuwa na simu. Ukimwandikia "ulikataa" umerudi kwenye lawama zilezile.

#28 Mhariri_Ngamiani
Na salio, hata ukijua, humwambii mtu kwa maandishi kwamba hana pesa. Yeye anajua, M-Pesa imeshamwambia. Sababu zitumie ndani, kuchagua ushauri. Kwa 1037: "Washa simu, hakikisha ina mtandao, ndipo ubofye." Kwa 1032: "Kidirisha cha PIN hukaa muda mfupi, iwe simu mkononi kabla ya kubofya." Kwa 1 usishauri kitu, sema malipo hayakukamilika na kiungo kipo.

Jina nalo liangalie. Wageni wanaandika "HALIMA", "mama b", wengine wanaacha wazi ukabaki na "Habari ," yenye mkato unaoning'inia. Sentensi isimame bila jina: likiwepo "Habari Halima," lisipokuwepo "Habari,". Nukta.

#29 Mkazi_wa_Dunga
Mimi niko Kisumu na nauliza upande wa mnunuzi. Mbona hamzungumzii hizo 450 za usafiri? Mtu anaona 3,400 kwenye picha, anajaza jina, simu, mtaa, ndipo anaambiwa 3,850. Wengi tunaondokea hapo. Si simu, si PIN.

#30 BeiPoa
Ndiyo maana nikasema kuponi!

#31 Mkazi_wa_Dunga
Kuponi yako ya 10% ni 340. Usafiri ni 450. Bado nalipa 3,510, na bado nilishtushwa. Afadhali ningeuona usafiri kwenye ukurasa wa sufuria.

#32 MzeeWaSeva
Pia kuponi kwenye barua ya kwanza inafundisha watu kuondoka makusudi ili waipate. Wanaorudi mara ya pili wanakuwa wamejifunza.

#33 BeiPoa
Basi iwe barua ya mwisho, siyo ya kwanza. Na iwe ya usafiri, siyo ya asilimia. Nimekubali nusu.

#34 ShangaziKariakoo
Kuna sababu nyingine hamjaitaja. Mtu haogopi 450, anaogopa kutuma 3,850 kwa duka asilolijua. Kulipa ukipokea kupo?

#35 Nyali_Vyombo
Mombasa mjini tu, shangazi. Nje hatuwezi, mzigo ukikataliwa tunalipa usafiri mara mbili.

#36 ShangaziKariakoo
Basi barua yako iseme duka liko mtaa gani na simu ya kupiga. Hiyo itamtuliza kuliko "mteja wa thamani".

#37 dogo_Ubungo
Nyie wote mmesahau tarehe. Tarehe 20 mtu anajaza kikapu, tarehe 30 ndiyo anavuta mshahara. Kikapu ni daftari la ndoto. Barua ya saa 24 inamkuta kachalala.

#38 MzeeWaSeva
Dogo leo kasema neno. Ila kwa wageni WooCommerce hutunza kikapu saa 48 tu. Ukituma tarehe 30, kiungo cha kikapu cha kawaida kitafungua kikapu kitupu. Kiungo kibebe bidhaa zenyewe ili kikapu kijazwe upya, na kama bei imebadilika barua iseme.

#39 Nyali_Vyombo
Hii hapa baada ya kuwasikia. Ya kushindwa, 1037:

> Malipo ya seti ya sufuria hayakupita
> Habari Halima,
> Ombi la M-Pesa la KSh 3,850 halikufika kwenye simu yako leo saa 2:11 usiku. Hakuna pesa iliyokatwa.
> Oda yako bado ipo: seti ya sufuria vipande 5, KSh 3,400, na usafiri hadi Kisumu 450. Mzigo haujafungwa kwa jina lako mpaka malipo yapite.
> Simu ikiwa imewaka na ina mtandao, bofya hapa: [Lipa KSh 3,850]
> Ukikwama, jibu barua hii au tupigie.

Ya ambaye hakujaribu, saa 24:

> Seti ya sufuria vipande 5
> Habari Halima,
> Ulichagua seti hii jana. Hadi Kisumu inafika kwa KSh 3,850, usafiri ukiwa ndani. Ukiitaka iko hapa: [Fungua kikapu]
> Kama una swali la ukubwa, moto wa kupikia au usafiri, jibu barua hii.
> Hutaki kukumbushwa? [Usinitumie tena]

#40 Mhariri_Ngamiani
Ya kwanza nzuri. Ya pili ondoa "Ulichagua seti hii jana", siku ya kuisoma siyo lazima iwe siku ya kuituma. "Seti uliyoichagua" inatosha. Na hiyo "moto wa kupikia" ibaki! Kama sufuria hazifanyi kazi kwenye jiko la indaksheni, sema kabisa.

#41 MzeeWaSeva
Mteja mwenye akaunti dukani akibofya kiungo cha kulipa bila kuwa ameingia, WooCommerce itamwomba aingie kwanza. Kwa hao ongeza "utaombwa kuingia kwenye akaunti yako", la sivyo watadhani ni utapeli.

#42 BeiPoa
Utajuaje kama mpya inashinda ya zamani? Angalia asilimia ya waliofungua.

#43 MzeeWaSeva
Hiyo usiiamini. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple, kwa aliyewasha ulinzi wake wa faragha, hupakua picha za barua hata kama hajaifungua. Hesabu oda zilizolipwa, na uache sehemu ya watu bila barua kabisa ili uone wangapi wangerudi wenyewe. Nyali, kwa wiki mnapata vikapu vingapi vya namna hii?

#44 Nyali_Vyombo
Kama 40.

#45 MzeeWaSeva
Basi usigawe makundi kwa wiki moja ukatangaza ushindi. Kwenye 20 kwa 20, watu wawili tu wanageuza matokeo. Kwanza fundi abadilishe `failed`, kisha hesabu mangapi ni 1037, mangapi 1032, na wangapi hawakubofya kulipa kabisa.

#46 Mkazi_wa_Dunga
Na wale ambao hawakubofya, watazame wameishia kabla au baada ya kuonyeshwa usafiri.

#47 dogo_Ubungo
Na tarehe!

#48 Nyali_Vyombo
Asanteni. Fundi anaingia Jumatatu. Usafiri kwenye ukurasa wa bidhaa tunabishana na mwenzangu, anasema utafukuza watu mapema zaidi.

#49 Mkazi_wa_Dunga
Utawafukuza ambao wangeondoka hata hivyo.

#50 BeiPoa
Hilo huna uhakika nalo ndugu yangu. Mtu akishajaza anwani yake yote, kuna wanaosema "liwalo na liwe" wakalipa.